WhatsApp imetekwa: mwizi alipitia mlango gani, namba inarudije, na PIN inawekwa lini

"WhatsApp yangu imehakiwa" ni sentensi moja inayobeba matatizo manne au matano yasiyofanana. Anayeisema mara nyingi ameshashauriwa na jirani afute programu na kuipakua upya, au abadilishe simu, au aende kuchukua laini mpya. Yote hayo yanaweza kuwa kazi bure, na mengine humpa mwizi muda zaidi.

Akaunti ya WhatsApp inasimama juu ya namba ya simu. Unapoisajili kwenye simu fulani, unaandika namba, unatumiwa tarakimu sita kwa meseji ya kawaida au kwa kupigiwa, ukiziandika akaunti inahamia hapo. Simu iliyokuwa nayo mwanzo inatolewa nje papo hapo. Kwa hiyo aliyezipata zile tarakimu sita ndiye mwenye akaunti kwa wakati huo, hata kama hajawahi kuishika simu yako. Ukilielewa hilo, maswali yanabaki mawili: alizipataje, na je, ni kweli alizihitaji?

Kwanza hakikisha ni utekaji

Ukiambiwa "umeniomba hela WhatsApp", muulize aliyekuambia akusomee namba iliyomwandikia. Amtambue mwandishi kwa namba, si kwa picha wala jina. Kama namba si yako, hukutekwa. Kuna mtu amechukua picha yako ya wasifu, akaiweka kwenye namba nyingine, na anaandika "nimebadilisha namba". Hapo hakuna cha kurudisha. Waliopokea waripoti ile namba ndani ya WhatsApp na kuifungia, na wewe uwaambie watu wako. Utapeli wa aina hii ni mwingi sana, na wengi wanaokimbilia kwa fundi simu wakilia kuwa wametekwa wamepatwa na huu.

Jambo la pili linalofanana na utekaji ni la nyumbani kabisa. Namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business kwa pamoja. Mwenye duka akipakua ile ya biashara na kuandika namba yake ileile, ya kawaida inamtoa nje, na anadhani ameibiwa. Vivyo hivyo mtoto akiisajili namba ya mama kwenye tableti. Uliza walio nyumbani kabla ya kumtafuta mwizi.

Tatu, ukiona maandishi yanayosema akaunti hairuhusiwi kutumia WhatsApp, umefungiwa na WhatsApp wenyewe. Mara nyingi ni kwa sababu ya kutumia zile programu za kuigiza kama GB WhatsApp, au kwa kutuma meseji nyingi mno kwa watu wasiokufahamu. Si mada yetu leo.

Na ukipokea tarakimu sita bila kuziomba, bado hujatekwa. Kuna mtu ameandika namba yako, kwa kukosea au kwa makusudi, na amekwama mlangoni. Usimpe mtu, usijibu, endelea na shughuli zako. Ila kama meseji hizo zinakuja mara kwa mara, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya PIN uiweke leo.

Dalili: umetolewa nje, umerudishwa kwenye ukurasa wa kuandika namba

Ukiwa na laini inayopiga na kupokea simu kama kawaida, lakini WhatsApp inakuambia namba yako haijasajiliwa tena kwenye simu hii, basi tarakimu sita zilitoka mikononi mwako. Karibu kila mara mwenye simu alizisoma au kuzituma mwenyewe, akiamini anamsaidia mtu anayemfahamu.

Chukua mfano wa mhazini wa kikoba kimoja mjini Morogoro. Ijumaa jioni anapokea ujumbe WhatsApp kutoka kwa mwanachama mwenzake: "Shoga samahani, kuna namba za kikoba nimezituma kwako kimakosa, zimeingia kwenye meseji za kawaida. Nisomee hizo sita basi." Anaangalia, kweli zipo. Anazituma. Hakujua kwamba shoga mwenyewe alishatekwa saa moja kabla, na aliyekuwa anaandika ni mwizi. Hakusoma pia kwamba meseji ile ilikuwa na maneno ya kumwonya asimpe mtu yeyote, kwa sababu yalikuwa ya Kiingereza.

Dakika chache baadaye yuko nje. Kwenye kundi la kikoba linatokea tangazo kwa jina lake: "Wapendwa, hisa za wiki hii msitume kwenye namba yangu, laini ina shida. Ile hela itumeni kwenye namba hii." Maneno hayo Watanzania tumeyachoka kwenye meseji za kawaida, lakini yakitoka kwa mhazini, ndani ya kundi, siku ya hisa, nani atashtuka?

Mtu mmoja anaweza kushtuka: yule aliyewasha taarifa za usalama kwenye WhatsApp yake. Akaunti ikihamia simu nyingine, kwenye chati yake hutokea kimstari kinachosema msimbo wa usalama na mhazini umebadilika. Kimstari hicho hutokea pia mtu akinunua simu mpya, kwa hiyo si ushahidi wa wizi peke yake. Kikifuatiwa na ombi la hela, usitume. Piga simu ya kawaida, usikie sauti.

Kitu kimoja cha kupunguza hofu: mwizi aliyeingia kwa njia hii hapati meseji zako za zamani. Hizo zinakaa kwenye simu yako na kwenye nakala ya akiba ya Google au iCloud, ambako namba peke yake haimfikishi. Anachopata ni makundi uliyomo na kila ujumbe unaoingia kuanzia dakika ile. Kwa tapeli wa hela, hayo yanatosha.

Dalili: bado uko ndani, lakini kuna meseji hukuziandika

Hapa hukutolewa. Chati zinafanya kazi, ila unakuta ujumbe umesomwa kabla hujaufungua, au kuna maneno yametumwa usiku ukiwa umelala. Mwizi hakuhamisha akaunti. Ameunganisha kifaa chake, kompyuta au simu nyingine, pembeni ya simu yako. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vya namna hiyo.

Njia ni mbili. Moja ni mtu aliyeishika simu yako kwa nusu dakika akapiga picha ule mraba wa madoadoa kwenye kioo cha kompyuta yake. Mara nyingi ni mtu wa karibu: mwenza, mfanyakazi mwenzako, wa stationari uliyempa simu akuprintie. Nyingine inakuja kwa kiungo: "Naomba umpigie kura mwanangu kwenye mashindano ya shule." Unafungua, unaombwa namba ya simu ili kura ihesabike, kisha ukurasa unakuonyesha herufi na tarakimu nane na kukuelekeza uziingize kwenye WhatsApp. Ukiziingiza, umemfungulia. Hakuna kura inayopigwa kwa namna hiyo.

Huyu ni mbaya kuliko wa kwanza kwa jambo moja: kifaa kilichounganishwa hupokea na sehemu ya chati zilizopita, na kinaweza kukaa humo kimya kwa miezi. Kumtoa ni rahisi. Fungua `Settings`, kisha `Linked devices` (kwenye Android utaikuta kwenye vidoti vitatu vya juu). Utaona orodha ya vifaa na muda kila kimoja kilipotumika mara ya mwisho. Bonyeza usichokitambua, kisha `Log out`. Kama huna uhakika, vitoe vyote, utaunganisha cha kwako baadaye.

Dalili: laini yenyewe imekufa, au simu hazikufikii

Simu inaandika hakuna huduma, ukiiweka laini kwenye simu nyingine hali ni ileile, na majirani wa mtandao huohuo wanapiga vizuri. Shuku kwamba laini imechukuliwa upya kwa jina lako na mtu mwingine. Katika hali hii WhatsApp ndiyo ya mwisho kuhangaikiwa. Azima simu, pigia huduma kwa wateja (kwa mitandao ya Tanzania ni 100, ukitumia laini ya mtandao huohuo) na uombe wafunge laini pamoja na akaunti ya hela. Kisha pigia benki kama akaunti yako imeunganishwa na namba hiyo. Halafu nenda dukani kwa mtandao wako, na kitambulisho cha NIDA, urudishiwe laini.

Huko kuna kikwazo ambacho hugunduliwa siku ya tatizo. Laini hurudishwa kwa alama za vidole za mtu ambaye imesajiliwa kwa jina lake. Kama ulisajiliwa na wakala barabarani kwa kitambulisho cha mtu mwingine, au laini ni ya shemeji aliyehamia Muscat, hutaweza kuirudisha mwenyewe. Piga `*106#` leo uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na kama yako haimo, rekebisha kabla hujaihitaji. Kwa Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kupiga `*100*100#` ili laini yake isibadilishwe na wakala yeyote.

Kuna hali ya katikati: laini ina mtandao, unapiga, lakini watu wanalalamika simu yako "inapokelewa na mtu mwingine". Hapo simu zako zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Tapeli anajifanya wa huduma kwa wateja, anakuambia "mama, bonyeza nyota nyota ishirini na moja, nyota, kisha namba hii, ili tukuongezee bando". Ukibonyeza, simu zote zinazokuja kwako zinaenda kwake. Kisha anaomba WhatsApp impigie badala ya kutuma meseji, na sauti inayosoma tarakimu sita inaingia sikioni mwake. Hapa unaweza kutekwa bila kumsomea mtu kitu. Angalia kwa namba ya kwanza, futa maelekezo yote kwa ya pili:

```
*#21#
##002#
```

Fanya hivyo kabla ya kuanza kurudisha akaunti, la sivyo kila ukiirudisha yeye ataichukua tena kwa simu moja.

Kuirudisha namba

Tumrudie mhazini wetu. Kitu cha kwanza anachopaswa kufanya si kugombana na programu. Ni kumpigia mwenyekiti wa kikoba simu ya kawaida, na kumwambia awapigie wanachama wawili watatu wasambaze kwa simu na kwa meseji, kwa sababu kundi la WhatsApp liko mikononi mwa mwizi na atafuta onyo lolote au kumwondoa anayeonya kama mhazini alikuwa msimamizi wa kundi. Aliyekwisha kutuma hela apige 100 mara moja. Hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuizuia. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, inayopokea taarifa za utapeli wa simu Tanzania.

Kisha anafungua WhatsApp kwenye simu yake, anachagua Tanzania, anaandika namba bila sifuri ya mwanzo. Anasubiri tarakimu sita. Zikifika, anaziandika mwenyewe. Wakati huohuo mwizi anatolewa, kwa sababu akaunti haiwezi kukaa kwenye simu mbili kuu.

Mara nyingi hadithi inaishia hapo. Lakini kuna vizuizi viwili vinavyowachanganya watu.

Cha kwanza ni saa ya kusubiri. Badala ya kutuma tarakimu, WhatsApp inaonyesha kwamba usubiri saa moja, au saa kadhaa. Hii hutokea namba ikiombewa tarakimu mara nyingi, au zikiandikwa kwa kukosea mara nyingi, na wezi wengine hufanya hivyo makusudi ili kukuchelewesha. Hakuna ujanja wa kuikwepa. Kufuta programu na kuipakua upya hakuirudishi saa nyuma, na kujaribu ovyo huirefusha. Iache simu, rudi muda ukiisha, omba mara moja, na kama meseji haiji chagua kupigiwa.

Cha pili ndicho kilichompata mhazini. Aliandika tarakimu sita zikakubaliwa, kisha ukatokea ukurasa mwingine unaodai PIN ya tarakimu sita. Yeye hakuwahi kuweka PIN. Mwizi ameiweka, dakika ileile alipoingia, ili kumfungia nje. Wengi hapa huanza kubahatisha, au huandika tena zile tarakimu za meseji wakidhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili: tarakimu za meseji hubadilika kila mara na huja kwa laini, PIN ni ya kudumu na imewekwa na mtu.

Asibahatishe. WhatsApp huruhusu kuingia bila PIN baada ya siku 7. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwizi naye ameshatoka: tangu tarakimu za meseji zilipokubaliwa kwenye simu ya mhazini, akaunti haipo tena kwenye simu ya mwizi, ijapokuwa mhazini hajaingia. Kwa siku hizo 7 akaunti haina mtu. Hilo lina maana kwamba hatari pekee iliyobaki ni yeye kutoa tarakimu mara ya pili, na mwizi atajaribu. Atapiga akijiita "WhatsApp makao makuu" au atatumia namba ya shoga mwingine. Kila meseji ya tarakimu inayoingia wiki hiyo ni jaribio lake, ifutwe. Kikoba kifungue kundi la muda bila namba hiyo, na hisa zilipwe mkono kwa mkono.

Siku 7 zikitimia, anaandika namba upya, anapokea tarakimu, na kwenye ukurasa wa PIN anachagua kwamba ameisahau. Sasa anaruhusiwa kuiondoa na kuingia.

Umeingia. Usiweke PIN bado

Watu wakirudi ndani hukimbilia PIN na kupumua. PIN hulinda usajili wa namba kwenye simu mpya tu. Haimtoi mtu ambaye tayari ameunganishwa pembeni. Kwa hiyo anza na `Linked devices`, utoe kila kitu. Fungua orodha ya uliowafungia, kwa sababu wezi huwafungia ndugu waliokuwa wanauliza maswali, na mama yako anaweza kukaa mwezi mzima akidhani umemnunia. Tazama jina, picha, na makundi: nani ameondolewa, nani amepewa usimamizi. Pita kwenye `Account` uone kama kuna barua pepe usiyoifahamu. Ujumbe ulioingia wakati mwizi yuko ndani hutaupata, kwa hiyo waombe watu wakutumie tena kilicho cha muhimu.

PIN yenyewe

Njia ni `Settings`, `Account`, `Two-step verification`, kisha `Turn on`. Unaandika tarakimu sita, unazirudia, halafu unaombwa barua pepe. Hatua hiyo ya barua pepe wengi huiruka, na ndiyo inayofanya wajifungie nje wenyewe kwa siku 7 wakisahau PIN. Iweke, na uithibitishe kwa namba watakazokutumia humo.

Lakini chagua barua pepe kwa akili. Kama Gmail yako hufunguliwa kwa meseji inayokuja kwenye laini hiyohiyo, mwizi atakayeichukua laini atafungua Gmail kwanza, kisha ataiondoa PIN kwa kiungo kitakachokuja humo, na ulinzi wako wote utakuwa umekaa juu ya kadi moja ya simu. Ipe Gmail njia nyingine ya kujithibitisha, au tumia barua pepe ya mtu unayemwamini kama mwenza au mtoto mkubwa.

Kuhusu tarakimu zenyewe, usitumie mwaka wa kuzaliwa, mwisho wa namba yako, wala PIN ya M-Pesa iliyoongezwa mbili mbele. Hiyo ya mwisho naiona sana, na ni hatari pande zote mbili: anayeijua moja amekaribia nyingine. Usiogope kuisahau, maana WhatsApp itakuuliza PIN mara moja moja hata ukiwa ndani, ili uikumbuke. Wapo wanaochoshwa na swali hilo wakaizima. Ukiizima, umerudi ulipokuwa Ijumaa ile.

Ukishaiweka, kumbuka inachofanya. Mtu akiiba laini yako kesho, atapata tarakimu sita za meseji, nawe utatolewa kwenye akaunti. Lakini yeye atakwama kwenye PIN kwa siku zilezile 7 zilizomkwamisha mhazini. Huo ndio muda wako wa kufika dukani kwa mtandao na kuirudisha laini kwa vidole vyako. Ukiipata, unasajili upya, unaandika PIN yako, na uko ndani siku hiyohiyo.

Na ikitokea umepokea barua pepe yenye kiungo cha kuiondoa PIN wakati hukuomba, usikibonyeze. Maana yake ni kwamba kuna mtu amesimama kwenye ukurasa wa PIN wa namba yako, kwa hiyo ameshapita hatua ya tarakimu za meseji. Piga simu ya kawaida kwa laini yako uone kama bado iko hai, kisha `*#21#`.